Katuni Ikifika Kericho Izungumze kwa Koo la Nani?

Vijana wengi wa Kenya waliokua wakitazama Dragon Ball Z kwa Kiingereza wanamjua Goku kama mwanamume wa kifua kipana na sauti nzito. Sauti hiyo ni ya Mmarekani Sean Schemmel, aliyeanza kumwigiza mwaka 1999. Wakibahatika kumsikia Goku wa Kijapani, ambaye ndiye wa asili, hushtuka. Sauti ni nyembamba, ya juu, yenye mkwaruzo wa mtoto mtundu, na mwenyewe ni mwanamke: Masako Nozawa, mzaliwa wa 1936, aliyeshika nafasi hiyo tangu 1986. Huko Japani ni jambo la kawaida wavulana wa katuni kuigizwa na wanawake, kwa sababu sauti ya mvulana halisi huvunjika katikati ya msimu na kumwacha prodyuza mikono mitupu. Goku alianza akiwa mtoto, akakua, akaoa, akazaa, na bibi yule akabaki naye. Kwa Mjapani, sauti ile imekuja kumaanisha mtu mzima ambaye moyo wake haukuwahi kuzeeka. Wamarekani walimpokea zaidi akiwa tayari baba wa watoto, na sauti nyembamba kutoka kwenye mwili ule ingechukuliwa kuwa mzaha. Wakatafuta dume. Kila upande ulipata Goku unayemwamini, ingawa ukiziweka sauti zile mbili pamoja hutadhani ni za kiumbe mmoja.

Nimeanza na Goku kwa sababu anaonyesha upesi jambo ambalo mjadala wetu wa katuni nchini hulikwepa. Tunapozungumzia kuingiza sauti za lugha nyingine kwenye katuni, tunazungumzia tafsiri: je, maneno ni sahihi, je, Kiswahili ni sanifu? Ni nadra kuuliza nani atazungumza, na kwa nini yeye. Hoja yangu ni kwamba sauti inayofaa katika kila lugha ni ile inayompa mhusika, mbele ya wasikilizaji wapya, umri, cheo, asili na tabia ileile aliyokuwa nayo mbele ya wasikilizaji wa kwanza, hata kama kwa sikio la mgeni haifanani kabisa na ya awali. Na sehemu ya kuipimia hoja hii ni mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, mahali ambapo mtoto mmoja husikia lugha tatu kabla ya saa nne asubuhi, na ambapo siku moja, natumaini, katuni itazungumza Kikipsigis.

Ili kuelewa kwa nini sauti hubadilika, ni lazima kujua kazi yenyewe inavyokwenda. Mwenye katuni hutuma picha pamoja na utepe wenye muziki na vishindo bila maneno, mswada ulioandikwa saa ya kila kauli hadi sehemu ya sekunde, na sauti za awali za kuongozea. Mwandishi wa lugha mpya huandika upya mazungumzo akitazama midomo. Kisha huitwa waigizaji kadhaa kwa kila mhusika, kila mmoja asome kauli chache, na vipande hivyo hupelekwa kwa mwenye mali akubali mmoja. Ni baada ya hapo ndipo studio hufunguliwa, na kwa kawaida waigizaji huingia mmojammoja, wakisikia sauti ya awali kwenye masikio, wakirudia kauli moja hadi mwelekezi aridhike. Wahusika wawili unaowasikia wakigombana huenda hawajawahi kukutana.

Hatua ya kupeleka vipande ndiyo inayoficha kiini cha tatizo. Anayeamua yuko London, Los Angeles au Beijing, na lugha anayoisikiliza haijui. Hawezi kusikia kwamba msomaji wa kwanza anazungumza kama mwalimu wa dini, wa pili kama kondakta wa matatu, na wa tatu kama msichana aliyelelewa na nyanya yake. Kitu pekee anachoweza kupima ni kama sauti inafanana na ile anayoijua: ni nene kiasi gani, ina mkwaruzo, inapanda wapi. Kampuni ya Disney imeigeuza njia hii kuwa kanuni yake duniani, na ina kitengo maalumu cha kuhakikisha sauti za wahusika wake zinakaribiana. Mnamo 2014 ilitoa video ya wimbo maarufu wa filamu ya Frozen ukiimbwa katika lugha 25 kwa mfululizo, na mafanikio yake yalikuwa kwamba ungeweza kudhani ni mwimbaji mmoja tu. Ni ustadi wa kustaajabisha, lakini kinachopimwa hapo ni ufanano wa sauti na sauti. Kwa wimbo, ufanano unaweza kutosha, maana muziki umekwisha kuamua kila kitu kingine. Kwa mazungumzo ya mtoto na babu yake hautoshi.

Tuchukue kauli moja ndogo tuone. Mhusika anamwona rafiki yake akikaribia kukanyaga nyoka, na kwa Kiingereza anapiga ukelele wa silabi mbili unaomaanisha ajihadhari. Kauli hiyo huchukua kama robo tatu ya sekunde, yaani fremu 18 kwa filamu inayokwenda fremu 24 kwa sekunde. Midomo huanza ikiwa imeviringwa, kisha hufunguka kwa upana. Mwandishi wa Kiswahili akiandika “Jihadhari!” ana silabi nne, na mkazo unakuja kwenye ya tatu, wakati mdomo wa kwenye picha umeshaanza kufungwa. “Angalia!” nayo ina silabi nne, na huanza na mdomo wazi mahali ambapo picha inaonyesha midomo iliyoviringwa. Lakini “Chunga!” ina silabi mbili, mkazo uko mwanzoni, midomo huviringwa kwa silabi ya kwanza na kupanuka kwa ya pili. Inakaa palepale kana kwamba picha ilichorwa kwa ajili yake. Kasoro yake ni moja: onyo la namna hiyo ni la Mkenya zaidi kuliko Mtanzania. Mdomo wa katuni umechagua lahaja. Na mwigizaji wa Dar es Salaam akipewa neno hilo alitamke, kuna hatari asikike kama mtu aliyevaa koti la jirani. Mambo kama haya hutokea mara mamia katika msimu mmoja, na ndiyo maana mwandishi, lahaja na mwigizaji haviwezi kuchaguliwa kila kimoja peke yake.

Kiswahili angalau kinampa mwigizaji uhuru mkubwa wa kuchezea kidatu, kwa kuwa hakina toni za kutofautisha maana. Anaweza kulia kama panya au kunguruma kama trekta na neno likabaki neno lilelile. Kikipsigis hakimpi uhuru huo. Kama ndugu zake wengine wa Kikalenjin, kwa kawaida huanza sentensi kwa kitenzi, kisha nomino zikafuata, na kinachomwambia msikilizaji nani ametenda na nani ametendewa ni toni ya nomino. Isitoshe, vokali zake huja kwa jozi: moja hutamkwa mzizi wa ulimi ukiwa umesogea mbele na koo likiwa pana, nyingine ulimi ukiwa umerudi nyuma na koo limebana, na urefu wa vokali nao hubeba maana. Sasa fikiria mbinu inayotumiwa sana na waigizaji wa katuni duniani, ya kubana koo na kupandisha sauti ili kupata kiumbe mdogo wa kuchekesha. Ukibana koo tangu mwanzo hadi mwisho wa sentensi, unatishia kufuta tofauti ya zile jozi za vokali. Ukiipandisha sauti yote juu na kuiacha huko, unazipunguzia toni nafasi ya kupanda na kushuka. Mwigizaji hodari wa Kikipsigis atalazimika kumtafutia sungura wake uchangamfu kwingine: katika kasi, katika pumzi, katika kukatiza maneno ya mwenzake, katika kicheko kinachotangulia kauli. Akifanya hivyo atasikika tofauti sana na sungura wa Kiingereza, na mtu aliye mbali akisikiliza kipande cha majaribio atasema huyu hafai. Ni lugha yenyewe ndiyo iliyomwelekeza huko.

Sarufi inaweza hata kubadilisha jinsia. Bagheera, yule chui mweusi wa hadithi za Mowgli, ni dume katika filamu ya Disney ya 1967, na sauti yake ilikuwa ya mzee Sebastian Cabot. Katika katuni za Kisovieti zilizotengenezwa kuanzia mwaka huohuo hadi 1971, Bagheera ni jike, mlaini na mwenye madaha, kwa sauti ya mwigizaji Lyudmila Kasatkina, kwa kuwa jina lile na neno la chui kwa Kirusi vina umbo la kike na watoto wa Kirusi wasingeweza kumsikia vinginevyo. Kwetu mambo ni kinyume. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika “yeye”, wala Kikipsigis hakifanyi hivyo katika kiwakilishi chake. Katuni ya Kiingereza humtaja tembo kwa kiwakilishi cha kiume kabla hajafungua mdomo. Ya Kiswahili inaweza kwenda nusu kipindi bila msikilizaji kujua, hadi sauti itamke. Hivyo mwelekezi anayefanya kazi kwa lugha zetu anaamua kwa sauti jambo ambalo wenzake huamuliwa na sarufi. Ni mamlaka makubwa, na sijaona dalili kwamba tunayatumia kwa makusudi. Mara nyingi tembo hupewa sauti ya kiume kwa sababu tu ya awali ilikuwa ya kiume.

Kisha kuna suala la ubaya una sauti gani. Hollywood imezoeza dunia kwamba mwovu hunguruma, au huzungumza Kiingereza cha Uingereza kilichopigwa pasi, kama Jeremy Irons alivyomfanya Scar katika The Lion King ya 1994. Milima ya Kericho ina mwovu wake, chemosit. A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wanandi cha 1909, alimweleza jinsi majirani hao wa Wakipsigis walivyomjua: nusu mtu nusu ndege, mwenye mguu mmoja, anayejikongoja kwa fimbo iliyo kama mkuki, na mdomo wake mwekundu unang’aa usiku kama taa. Jinsi anavyowanasa watoto ndilo jambo la maana hapa. Huimba. Watoto wakisikia wimbo na kuona mwanga hudhani kuna ngoma inachezwa, hutoka nyumbani kuifuata, na huliwa. Sasa tuseme katuni imetengenezwa kutokana na simulizi hiyo, ikaandikwa kwanza kwa Kiingereza, na chemosit akapewa sauti ya jini la kunguruma kama ilivyo ada. Anayeingiza Kikipsigis akilazimishwa kuifuata sauti hiyo, amemuua mhusika kabla ya mtoto yeyote kuliwa, kwani hofu yote ya simulizi imo katika utamu wa sauti yake. Mtoto wa Bomet aliyesimuliwa na nyanya yake atajua papo hapo kwamba huyu siye. Lakini Mwingereza akisikia chemosit mwenye sauti tamu atadhani ni malaika, isipokuwa picha imsaidie. Hapa sauti mbili tofauti ni za lazima, na kuzifananisha ni kumnyima mmoja wao haki.

Turudi kwenye mashamba, maana huko lugha hazikai kwa usawa. Tangu kampuni ya Brooke Bond ilipoanza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, mashamba makubwa yameleta wafanyakazi kutoka jamii nyingi: Waluo, Wakisii, Waluhya na wengine, wakiishi safu moja ya nyumba na Wakipsigis. Kiswahili ndicho kinachounganisha safu hizo, na ni Kiswahili chenye mwendo wake, kifupi, cha amri na utani wa kazini. Ukitoka nje ya mashamba hayo ukaenda kwa wakulima wadogo wanaopeleka majani katika viwanda vya Litein, Kapkatet, Mogogosiek au Kapkoros, nyumbani na shuleni unasikia Kikipsigis. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakipsigis takribani milioni 1.9. Katuni zinazowafikia watoto wa pande zote mbili kwa Kiswahili hutoka hasa Tanzania. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam lilianza kurusha Ubongo Kids mwaka 2014, kikafuatiwa na Akili and Me kwa watoto wadogo zaidi, na vipindi vyake vimetiwa sauti kwa Kiingereza, Kifaransa, Kihausa, Kinyarwanda na lugha nyingine. Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na kwa Kiswahili anazungumza kama mtoto wa Tanzania anavyozungumza, kwa ulaini na utaratibu. Kwa mtoto wa Morogoro huyo ni mtoto wa jirani. Kwa mtoto wa safu za mashamba ya Kericho ni mtoto wa mwalimu: msafi, mwenye adabu, na wa mbali kidogo. Maneno ni yaleyale na anayeyasema ni yuleyule, ila cheo chake kimepanda kwa kuvuka mpaka tu.

Sitaki kulikuza jambo hilo kupita kiasi. Watoto hujifunza kutoka kwa wahusika wa mbali, na Kiswahili kizuri hakijamdhuru mtu. Ubongo wenyewe walielewa kwamba Rwanda inahitaji sauti zake na wakaingiza Kinyarwanda, lugha ambayo nayo ina toni. Ninachosema ni kwamba kwa Kenya tulidhani Kiswahili kimoja kinatosha kwa kuwa maandishi yake ni mamoja, tukasahau kwamba katuni haisomwi.

Pingamizi la kwanza analoweza kuleta msomaji ni la utambulisho. Mhusika ni mmoja, atasema. Akiwa na sauti kumi atabaki nani? Jibu ni kwamba hata katika lugha ya asili mara nyingi hana sauti moja. Simba wa The Lion King ya 1994, kwa Kiingereza, alikuwa na watu wanne: Jonathan Taylor Thomas akizungumza utotoni na Jason Weaver akiimba, Matthew Broderick akizungumza ukubwani na Joseph Williams akiimba. Watazamaji hawakuona Simba wanne. Jaribio la kinyume nalo limefanywa. Clarence Nash, aliyekuwa sauti ya Bata Donald kuanzia 1934 kwa nusu karne, alimwigiza yeye mwenyewe hata katika lugha za kigeni, akisoma maneno yaliyoandikwa kwa jinsi yanavyotamkwa ingawa hakujua lugha hizo. Donald akabaki Donald kila mahali. Ila jaribio hilo liliwezekana kwa sababu Donald haeleweki vizuri hata kwa Kiingereza. Kelele yake ndiyo tabia yake. Mfanyie hivyo mhusika anayefundisha hesabu, au anayemfariji mtoto aliyefiwa, uone.

Na sisi tuna ushahidi wetu wa karibu zaidi. Kwa miaka mingi vibanda vya video vya Kenya vimejaa watu wanaotazama filamu za mapigano zikisimuliwa na DJ Afro, ambaye kwa sauti yake moja humzungumzia shujaa, adui, mama wa shujaa na hata farasi, huku Kiingereza kikisikika chini yake. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu akifanya kazi ya jinsi hiyo, na Uganda ina VJ Jingo na wenzake. Sauti ya DJ Afro haifanani na ya mwigizaji yeyote wa Hong Kong. Hata hivyo hakuna anayetoka kibandani akiwa amechanganya shujaa na adui, kwa kuwa anachowapa wasikilizaji ni mahali pa kila mtu katika dunia wanayoijua: huyu ni bosi mchoyo, huyu ni kijana aliyetoka mashambani, huyu ni askari wa kula rushwa. Amewapa nafasi zao bila kuwapa sauti zao. Sisemi katuni za watoto zifanywe kwa njia hiyo. Nasema kama ufanano wa sauti ungekuwa ndio uti wa mgongo wa mhusika, kazi yake isingesimama hata dakika tano.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linahusu lafudhi. Nikidai kwamba sauti zitoke mahali, je, sifungui mlango kwa kejeli? Mkenya yeyote anajua jinsi vichekesho vya televisheni vilivyotumia lafudhi kuwagawia watu kazi na akili. Kikipsigis hakitofautishi kimaana p na b, t na d, wala k na g, na hali hiyo ikihamia kwenye Kiswahili cha mzee wa Bomet imekuwa mtaji wa wachekeshaji. Kundi la Redykulass lilimwiga Rais Moi kwa ujasiri uliohitajika wakati ule. Lakini waliofuata waliiga lafudhi bila kumlenga mwenye mamlaka yeyote, wakibakiza dhana kwamba anayezungumza hivyo ni mshamba. Ushahidi wa nje unaunga mkono hofu hii. Mwanaisimu Rosina Lippi-Green, katika kitabu chake cha 1997, alichunguza wahusika 371 katika filamu 24 za katuni za Disney, akakuta kwamba waliozungumza Kiingereza chenye lafudhi ya kigeni walikuwa waovu kwa kiwango kama mara mbili ya wale waliozungumza Kiingereza cha Marekani: takribani asilimia 40 dhidi ya 20. Mtoto anayetazama hajui takwimu, ila masikio yake yameshahesabu.

Nakubali hatari hiyo, na nadhani wanaoipinga wamechagua dawa mbaya. Dawa yao ni kuwapa wote sauti moja ya kituo cha habari, isiyo na kwao. Matokeo yake ni kwamba lafudhi inabaki katika vichekesho peke yake, mahali pale palipoichafua. Uchunguzi wa Lippi-Green hauonyeshi kwamba lafudhi ni sumu. Unaonyesha imegawiwa vibaya. Kwenye toleo la Kiswahili la kutazamwa Kenya, acha daktari awe na lafudhi ya Kericho na mwizi wa maembe awe na Kiswahili cha kitabuni, mara moja moja, bila kulifanya jambo hilo kuwa somo. Na kwenye toleo la Kikipsigis lafudhi hiyo haipo kabisa, kwa kuwa kila mtu yuko kwao. Hapo tofauti za watu zitasikika katika umri, katika heshima, katika jinsi kijana anavyomjibu mtu wa rika la baba yake. Mpangilio wa marika ya Wakipsigis, kuanzia Maina hadi Nyongi, umefanya umri kuwa jambo la hadharani. Mwigizaji wa miaka ishirini akijifanya mzee kwa kutetemesha sauti tu atachekwa, kwani mzee wa huko hajulikani kwa kutetemeka. Hujulikana kwa kutokuwa na haraka.

Linabaki pingamizi la pesa na umoja, ambalo mimi naliona kuwa la kawaida zaidi ingawa ndilo litakaloua miradi mingi. Wengine watasema watu milioni 1.9 ni wachache, na kwamba tukianza Kikipsigis itabidi twende hadi Kitharaka na Kitaveta. Wengine watasema Wakalenjin wote wapewe toleo moja, kwa kuwa redio kama Kass FM na Chamgei FM zimeshazoeza masikio ya Wanandi, Wakipsigis na wenzao kusikilizana. Hoja ya redio ina nguvu, na zaidi inatatua swali la wapi pa kupata waigizaji: watu wanaoweza kuwachekesha madereva wa Kericho hadi Eldoret kwa sauti tu wapo na wamezoea maikrofoni. Lakini mtangazaji anazungumza kama yeye mwenyewe. Mhusika wa miaka minne hawezi kuwa Mnandi katika sentensi moja na Mkipsigis katika inayofuata. Wahusika wagawane lahaja, mmoja kwa mmoja, kama majirani halisi wa mpaka wa Kericho na Nandi. Kuhusu umoja, sera ya kufundisha miaka ya kwanza ya msingi kwa lugha ya mazingira ya shule ilipendekezwa na Tume ya Gachathi tangu 1976, na haijawahi kuzuia mtoto kujua Kiswahili baadaye. Gharama nazo hutofautiana mno: katuni ya vipande vya kompyuta yenye maumbo manane au kumi ya midomo huvumilia lugha yoyote, ilhali ile iliyochorwa kwa uangalifu kila fremu humtesa mwandishi na kula siku za studio. Anayetaka kuanza na Kikipsigis aanze na ya kwanza.

Ila hata fedha zikipatikana, hayo yote yatakwama palepale kwenye kile kipande cha majaribio kinachosikilizwa na mtu asiyejua lugha. Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo na la kiofisi. Kabla sauti haijapelekwa kwa mwenye katuni, ichezwe bila picha mbele ya watoto wa shule mbili, moja ya ndani ya mashamba makubwa na moja ya wakulima wadogo, waulizwe maswali manne tu: huyu ana umri gani, anatoka wapi, ungemwamkiaje, na ungemfuata akikuita? Majibu yaandikwe karatasi moja, yaambatanishwe na kipande, na mkataba useme wazi kwamba mwenye mali anaweza kukataa sauti kwa sababu ya karatasi hiyo, na hawezi kuikataa kwa sababu tu haifanani na ile aliyozoea. Kwa chemosit, swali la nne ndilo litakalotosha.